Fedha Zikihama Kasma, Nani Anapungukiwa?

Mwezi wa Februari, ambulansi tatu za idara ya afya ya kaunti zinakaribia kuishiwa mafuta, na kwenye daftari lilelile la idara kuna pesa za mafunzo ambazo hazijaguswa. Mtu wa kawaida atauliza kwa nini dereva asiende tu kituo cha mafuta na mhasibu akalipa kwa hizo pesa za mafunzo, maana zote ni za idara moja. Hawezi. Kila shilingi ya kaunti imepewa kazi yake tangu Bunge la Kaunti lilipopitisha bajeti, na kuibadilishia kazi kunahitaji kibali cha maandishi. Kibali hicho huanzia kwenye karatasi moja au mbili, yaani memo ya kuomba kuhamisha fedha kutoka kasma moja kwenda nyingine.

Kasma ni mstari mmoja wa matumizi kwenye bajeti. Nchini Kenya kila mstari una tarakimu zake, na wahasibu wa serikali huzijua kwa kichwa. Mafuta ya magari ni 2211201. Mafunzo yako kwenye kundi la 2210700. Mikutano, makongamano na semina ni 2210802. Tarakimu hizo ndizo zinazoingizwa kwenye mfumo wa IFMIS, na mfumo hauruhusu kasma itumike kupita kiasi kilichoidhinishwa. Dereva anapoambiwa "kasma imeisha," haina maana kwamba kaunti haina pesa. Maana yake ni kwamba ruhusa ya kutumia pesa kwa mafuta imefika mwisho.

Memo hizi huwa fupi, na wengi huziandika kama barua ya kuomba msaada: hali ni ngumu, tunahitaji kiasi fulani, tafadhali idhinisha. Hapo ndipo nyingi zinapokwama, na hata zile zinazopita huacha madhara yasiyoonekana. Sehemu ngumu, ambayo naiona ndiyo roho ya memo nzima, ni kusema wazi ni kazi gani iliyopangwa itakayopungua au kuahirishwa, na ni watu gani watakaoikosa. Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Kaunti na viwango vyake ni vya kubuni, lakini sheria na utaratibu ni vya kweli.

Idara yetu ina ambulansi tatu zinazopeleka wagonjwa kutoka vituo vya mashinani hadi hospitali ya kaunti. Kwa mwezi zinafanya safari 60 hivi. Bajeti ilipoandaliwa, safari ya kwenda na kurudi ilikuwa kilomita 120. Gari likila lita moja kwa kila kilomita 6, hiyo ni lita 1,200 kwa mwezi, na kwa bei ya Sh170 kwa lita ni Sh204,000. Kwa mwaka mzima ni karibu Sh2,450,000, na hicho ndicho kiasi kilichoidhinishwa.

Mwishoni mwa Oktoba mvua kubwa ikabomoa daraja. Tangu hapo ambulansi zinazunguka barabara ya juu, na safari imekuwa kilomita 190. Gharama ya mwezi ikapanda hadi Sh323,000. Miezi minne ya kwanza, Julai hadi Oktoba, ilitumia Sh816,000, na mitatu iliyofuata ikala Sh969,000. Januari ikiisha, kilichobaki kwenye kasma ya mafuta ni Sh665,000. Miezi mitano iliyosalia kabla ya mwaka wa fedha kufungwa tarehe 30 Juni inahitaji Sh1,615,000. Upungufu ni Sh950,000, na mapema mwezi wa Aprili magari yatasimama.

Hesabu hiyo fupi tayari ni nusu ya memo. Linganisha na sentensi inayoonekana katika maombi mengi: "Kasma ya mafuta imekuwa haitoshi kutokana na kupanda kwa mahitaji." Anayesoma sentensi hiyo hawezi kujua kama mahitaji yalipanda, kama mafuta yaliibwa, au kama bajeti ilikadiriwa vibaya tangu mwanzo. Sababu nzuri hutaja kilichobadilika, lini kilibadilika na kilibadilisha kiasi gani. Hapa ni daraja, Oktoba, kilomita 70 zaidi kwa kila safari. Mwenye shaka anaweza kufungua vitabu vya safari vya magari akahakikisha mwenyewe. Tena memo inaandikwa mwanzoni mwa Februari, miezi miwili kabla ya mafuta kuisha, na hilo peke yake linampa mwidhinishaji nafasi ya kufikiri badala ya kusukumwa.

Sasa linakuja swali la wapi Sh950,000 zitatoka, na hapa daftari lina vishawishi vingi. Cha kwanza ni mishahara. Wauguzi wawili waliotarajiwa tangu Julai hawajaajiriwa, kwa hiyo kasma ya mishahara ina salio nono. Cha pili ni fedha za kujenga wodi ya akina mama, ambazo mkandarasi hajaanza kuzidai. Cha tatu ni fedha zilizotengwa kupelekwa kwenye taasisi nyingine ya kaunti yenye hesabu zake yenyewe. Vyote vitatu vimefungwa. Sehemu ya 154 ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inamkataza afisa wa uhasibu wa kaunti kutoa fedha za mishahara kwenda kwenye matumizi yasiyo ya mishahara. Inamkataza kugusa fedha za miradi ya maendeleo isipokuwa kwa ajili ya matumizi mengine ya maendeleo. Vilevile haimruhusu kuhamisha fedha zilizotengewa taasisi au mtu mwingine. Mhasibu anayependekeza kutumia salio la mishahara kununulia mafuta anaonekana mwerevu kwa siku chache tu, hadi mkaguzi atakapofika.

Sheria hiyohiyo inaweka masharti mengine matatu kwa fedha zinazotoka programu moja ya bajeti kwenda nyingine. Lazima fedha zinazotolewa ziwe hazitarajiwi kutumika. Lazima ombi lenye sababu lipelekwe Hazina ya Kaunti na likubaliwe. Na jumla ya uhamisho wote, unaotoka au unaoingia katika programu hiyo kwa mwaka, isizidi asilimia 10 ya matumizi yaliyoidhinishwa kwa programu hiyo. Sharti la mwisho husahaulika kwa sababu watu huhesabu ombi lililo mbele yao tu, wakasahau yaliyotangulia.

Katika mfano wetu, mafuta ya ambulansi yako chini ya programu ya tiba, na mafunzo pamoja na mikutano viko chini ya programu ya kinga. Programu ya kinga iliidhinishiwa Sh18,000,000, kwa hiyo mwisho wa kutoa ni Sh1,800,000. Mwezi wa Oktoba ilikwisha kutoa Sh700,000 kwa ajili ya dawa. Tukiongeza Sh950,000 tunafika Sh1,650,000. Ombi linapita, lakini kwa nafasi ya Sh150,000 tu. Memo iseme hivyo waziwazi, ili Hazina ijue kwamba mlango huu umebakiza upenyo mdogo, na kwamba pengo jingine kubwa likitokea itabidi lisubiri bajeti ya nyongeza mbele ya Bunge la Kaunti.

Kuna mtego mwingine kwenye daftari, nao ni neno "salio". Kasma ya mafunzo iliidhinishiwa Sh2,100,000 kwa awamu sita za kuwafunza wahamasishaji wa afya ya jamii, wale wanaotembea nyumba kwa nyumba. Kila awamu ni watu 40 na inagharimu Sh350,000. Awamu mbili zimefanyika na kulipwa, kwa hiyo salio linasoma Sh1,400,000. Lakini hati ya kuagizia ukumbi na chakula cha awamu ya tatu imeshatolewa. Mwenye ukumbi hajalipwa, ila pesa yake tayari ni yake. Kilicho huru ni Sh1,050,000. Idara inayohamisha salio bila kuondoa ahadi ilizokwisha kutoa inajitengenezea deni. Madeni ya aina hiyo, yanayovuka mwaka wa fedha bila kulipwa, yamezilemea kaunti nyingi za Kenya, na nyuma yake kuna wafanyabiashara wadogo waliotoa huduma na kungoja malipo miaka. Ndiyo maana memo nzuri huonyesha tarakimu nne kwa kila kasma inayotoa: kilichoidhinishwa, kilichotumika, kilichoahidiwa, na kilicho huru.

Rasimu ya kwanza ya memo yetu ilichagua njia nyepesi. Ilichukua Sh950,000 zote kutoka kwenye mafunzo, na chini yake ikaandikwa: "Uhamisho huu hautaathiri utekelezaji wa shughuli zilizopangwa." Ilirudi kutoka Hazina ikiwa na maandishi ya kalamu pembeni: "Awamu tatu zinafutwa. Hiyo si athari? Ifafanuliwe."

Hoja hiyo ni ya haki kabisa. Ukitoa Sh950,000 kwenye Sh1,050,000, kinachobaki ni Sh100,000, ambazo hazitoshi hata awamu moja. Wahamasishaji 120 wangekosa mafunzo, na Sh100,000 zingelala hadi Juni bila kazi. Kama kweli kufuta kazi hiyo hakudhuru chochote, kwa nini iliwekwa kwenye bajeti? Katiba ya Kenya inataka umma ushirikishwe katika mambo ya fedha, na kaunti huita wananchi vikaoni kabla bajeti haijapitishwa. Pengine kuna mama aliyesimama katika kikao hicho akaomba mhamasishaji wa kijiji chake afundishwe kutambua dalili za hatari kwa mjamzito. Kuandika "hakuna athari" ni kumwambia mama huyo kwamba ombi lake halikuwa na uzito. Mimi nikiwa mwidhinishaji, maneno hayo mawili yangenitosha kurudisha memo yoyote bila kusoma ukurasa wa pili.

Rasimu ya pili ilikaa chini na daftari kwa makini zaidi. Kwenye kasma ya mikutano kulikuwa na Sh800,000 za kikao cha wadau cha mwezi wa Mei, kilichopangwa kwa siku mbili hotelini. Kikifanywa siku moja katika ukumbi wa kaunti kinagharimu Sh200,000. Hapo zimepatikana Sh600,000 huku kikao chenyewe kikibaki. Zilizosalia, Sh350,000, zinalingana na awamu moja kamili ya mafunzo. Uhamisho ukikatwa kwa kiwango cha kazi nzima, hakuna kazi inayoachwa nusu. Idara ikachagua pia ni awamu ipi iahirishwe: ya wahamasishaji walio jirani na hospitali ya kaunti, na wale wa kata zilizokatwa na mafuriko wakapewa nafasi ya kwanza.

Memo nyingi za kaunti huandikwa kwa Kiingereza, lakini kwa Kiswahili sehemu yake kuu ingesomeka hivi:

"KWA: Afisa Mkuu, Fedha na Mipango
KUTOKA: Afisa Mkuu, Huduma za Afya
KUH: OMBI LA KUHAMISHA SH950,000 KWENDA KASMA YA MAFUTA YA AMBULANSI

Ninaomba idhini ya kuhamisha Sh600,000 kutoka kasma 2210802 (mikutano) na Sh350,000 kutoka kasma ya mafunzo katika kundi la 2210700, kwenda kasma 2211201 (mafuta ya magari). Jumla inayotoka ni Sh950,000 na jumla inayoingia ni Sh950,000.

Tangu daraja libomoke mwishoni mwa Oktoba, safari ya rufaa imeongezeka kutoka kilomita 120 hadi 190. Salio la sasa la mafuta, Sh665,000, litaisha mapema Aprili. Matengenezo ya daraja hayatarajiwi kukamilika kabla ya Juni.

Athari: Kikao cha wadau kitafanyika siku moja badala ya mbili, na majadiliano ya siku ya pili yatapelekwa kwenye kamati za afya za kata. Awamu moja ya mafunzo itaahirishwa hadi Julai, hivyo lengo la mwaka litashuka kutoka wahamasishaji 240 hadi 200. Awamu hiyo itawekwa ya kwanza katika bajeti ya mwaka ujao.

Idhini isipotolewa, ambulansi tatu zitasimama kuanzia Aprili, na wastani wa safari 60 za rufaa kwa mwezi hazitakuwa na usafiri wa kaunti."

Viambatisho ni nakala ya ukurasa wa daftari la kasma zote tatu, muhtasari wa kilomita kutoka vitabu vya safari, na hesabu ya asilimia 10.

Aya ya athari inashusha lengo kutoka 240 hadi 200 kwa maandishi. Bajeti za kaunti hupangwa kwa programu zenye malengo yanayohesabika, na mwisho wa mwaka idara huulizwa ilifika wapi. Fedha zikihama na lengo likabaki palepale, ripoti itaonyesha idara imeshindwa, au, vibaya zaidi, mtu atapika tarakimu ifike 240. Memo inayorekebisha lengo siku hiyohiyo inayohamisha pesa humlinda afisa mwaminifu. Inamlinda pia yule atakayerithi kiti chake na kuulizwa kuhusu wahamasishaji 40 ambao hakuwahi kuwaona.

Aya ya mwisho, ya nini kitatokea bila idhini, ni mahali ambapo waandishi hupenda kutia chumvi. "Wagonjwa watakufa" ni maneno mazito ambayo mwandishi hawezi kuyathibitisha. Safari 60 kwa mwezi bila gari ni jambo linaloweza kuhesabiwa, na yeyote aliyewahi kungoja ambulansi na mgonjwa mikononi hahitaji kuongezewa maneno.

Njia ya memo yenyewe si ndefu. Msimamizi wa huduma za rufaa anaiandaa, mhasibu wa idara anahakiki masalio na kutia saini, kisha Afisa Mkuu wa idara, ambaye ndiye afisa wa uhasibu kisheria, anaipeleka Hazina ya Kaunti. Ikikubaliwa, mabadiliko yanaingizwa kwenye IFMIS. Mhasibu makini hachukulii barua ya kibali kuwa mwisho wa kazi. Anafungua mfumo aone kama kasma ya mafuta imepanda na zile mbili zimeshuka kwa kiasi kilekile, maana kibali kilichobaki kwenye faili hakijazi tangi. Anakumbusha pia ofisi ya ununuzi irekebishe mpango wake wa mwaka, kwani mafuta yanayonunuliwa sasa yamezidi yale yaliyopangwa.

Hata hapo pesa yenyewe inaweza kuwa haijafika. Kuhamisha kasma ni kuhamisha ruhusa ya kutumia. Fedha taslimu hutoka kwenye Mfuko wa Mapato wa Kaunti baada ya Mdhibiti wa Bajeti kuidhinisha zitolewe, na mgao kutoka serikali kuu ukichelewa, kasma iliyojaa haitamlipa mwenye kituo cha mafuta. Ndiyo sababu nyingine ya kutongoja hadi Mei. Ombi linaloletwa wiki za mwisho za mwaka wa fedha linaweza kukubaliwa na bado likakosa maana, kwa sababu tarehe 30 Juni ruhusa ya matumizi ya mwaka huo inakoma.

Kosa baya kuliko yote ni kutumia kwanza na kuomba baadaye. Huanza na nia njema: gari limesimama, mgonjwa yuko hali mahututi, msimamizi anasema "tutarekebisha karatasi." Karatasi inarekebishwa kwa kuandikwa tarehe ya nyuma. Wakaguzi huligundua kwa urahisi. Wanalinganisha tarehe ya kibali na tarehe ya risiti ya kwanza iliyozidi kasma, na mfumo huhifadhi siku ambayo mabadiliko yaliingizwa. Ibara ya 226 ya Katiba ya Kenya inasema mwenye ofisi ya umma anayeagiza au kuidhinisha fedha zitumike kinyume cha sheria atawajibika kwa hasara itakayotokea na kuirudisha, awe bado yuko kazini au ameondoka. Kwa dharura ya kweli kuna milango ya halali, ukiwemo mfuko wa dharura wa kaunti na bajeti ya nyongeza. Mafuta yanayopungua polepole tangu Novemba si dharura. Ni jambo lililoonekana likija.

Ukialikwa kwenye kikao cha bajeti cha kaunti yako, usiishie kuuliza ni kiasi gani kimetengwa kwa mwaka ujao. Uliza ni fedha zipi zilihamishwa mwaka huu, zilitoka kwenye kazi gani, na kazi hiyo imerudishwa kwenye bajeti mpya au imesahauliwa. Wale wahamasishaji 40 waliahidiwa Julai, na ahadi hiyo iko kwenye memo yenye saini ya Afisa Mkuu.